Mkono wa akili mnemba haushiki finjani kama kwenye picha ya rejea: unauelezaje ukaeleweka?

Bi_Mchoraji

Wakuu, salaam. Natengeneza picha kubwa ya ukutani kwa ajili ya mgahawa mmoja hapa Tanga. Mwenye mgahawa anataka mzee wa kanzu na kofia, amekaa barazani, kashika finjani ya kahawa. Ni hii finjani yetu ya kawaida, ndogo, duara, haina kishikio. Nimempiga picha mjomba wangu akiwa ameshika ya kweli ili iwe rejea, nikakaa mbele yake, upande wa pili wa meza. Uso, kofia, mwanga wa asubuhi, vyote modeli inanipa vizuri. Mkono ndio mtihani.

Kwanza inaniwekea kikombe chenye kishikio na kidole kimepita ndani yake. Nikiandika kwamba kikombe hakina kishikio, ndiyo kwanza inakileta kikubwa zaidi. Pili, hata ikitoa kikombe kizuri, mkono haufanani na wa mjomba. Vidole ni vitano, havijakunjamana, ukiutazama peke yake ni mkono mzuri kabisa, lakini si ule mshiko. Mteja ni mtu wa hapa, amekunywa kahawa barazani maisha yake yote, akiona tu anasema "huyu hajawahi kushika finjani".

Natumia SDXL kwenye kompyuta yangu, kadi ina 8 GB. Maelezo yangu naandika kwa Kiingereza kwa sababu kwa Kiswahili modeli hii hainielewi. Naomba kujua: mshiko unaelezwaje kwa maneno mpaka ukafanana na rejea?

BabaShani

Dada, hilo lina dawa ya zamani. Kwenye maelezo ongeza `five fingers, perfect hand, detailed hand`, halafu kwenye kisanduku cha vitu usivyovitaka jaza `extra fingers, fused fingers, bad hands, missing fingers`. Zalisha picha nyingi uchague moja. Mimi natengeneza matangazo ya harusi na mikono inatoka safi.

Neema_Makava

Mimi ningeshauri umwambie mjomba asishike kwa nguvu na akunjue vidole kidogo, na upige picha ukiwa na mwanga wa dirishani ubavuni. Nikipiga picha za makava ya simu kwa ajili ya duka, mkono ukikaza vidole vinakuwa vifupi kwenye picha.

Bi_Mchoraji

Neema, ahsante, ila picha ya mjomba haina tatizo. Tatizo ni ile inayozalishwa na kompyuta ifuate picha ya mjomba.

BabaShani, hayo yote nimeyaweka tayari. Vidole vitano ninavyo.

Pikseli_Mzee

Bi Mchoraji, hivyo vidole vitano ndivyo vinavyokuharibia kazi. Fungua picha ya mjomba sasa hivi utuambie unaviona vidole vingapi. Si alivyonavyo, unavyoviona wewe kwa macho kwenye picha.

Bi_Mchoraji

Cha shahada na cha kati vimelala mbele ya finjani, karibu na ukingo wa juu. Cha pete na cha mwisho vimekunjwa chini ya kitako, cha mwisho unaona pingili moja tu. Kidole gumba kiko nyuma ya finjani, upande wa mjomba mwenyewe. Naona kipande kidogo cha ncha yake kikichungulia juu ya ukingo.

Pikseli_Mzee

Hayo uliyoandika ni maelezo bora kuliko yote uliyoipa modeli mpaka sasa. Nieleze kwa nini, nitakwenda polepole kidogo.

Ukiandika vidole vitano, modeli haielewi kwamba mtu ana vitano na kimoja kimejificha. Inajitahidi kuvionyesha vyote vitano. Kwa hiyo inakitoa kidole gumba nyuma ya finjani na kukileta mbele. Hapo mkono mzima umegeuka. Mjomba amekutazama, mkono wake wa kulia unaingia kutoka kushoto kwa picha, mgongo wa kiganja unakuelekea wewe. Mkono unaoingia kutoka kushoto huku gumba liko upande wa mtazamaji ni mkono wa kushoto wa mtu anayejitazama mwenyewe akinywa. Modeli imekuchorea mkono wa mpiga picha badala ya mkono wa mjomba. Na ina sababu ya kufanya hivyo: picha chungu nzima za kahawa mtandaoni zimepigwa na mnywaji mwenyewe akiangalia kikombe chake, na humo gumba liko mbele siku zote. Usipoikataza kwa maelezo ya wazi, itarudi huko.

Ndiyo maana mteja wako anahisi kasoro asiyoweza kuitaja. Mkono ni mzima, lakini si wa yule mzee.

Kwa hiyo eleza kile ambacho kamera inakiona, kwa mpangilio huu. Anza na mkono unaingia picha kutoka upande gani, maana maneno ya kulia na kushoto kwa mwili wa mtu modeli huyachanganya mno, lakini upande wa fremu inaushika vizuri zaidi. Kisha useme mgongo wa mkono au kiganja, kipi kinaielekea kamera. Kisha kila kidole kinagusa wapi kwenye chombo. Kisha, na hili watu wengi hulisahau, kidole gani kimejificha na kimefichwa na nini. Idadi usiitaje kabisa.

Kuhusu kishikio: modeli za aina ya SDXL zikiona neno la kitu, hata kama mbele yake kuna neno la kukanusha, zinakileta kile kitu. Acha kukitaja. Eleza umbo lenyewe lilivyo, yaani kikombe kidogo mithili ya bakuli. Kile cha kukataa kiweke kwenye kisanduku cha `Negative prompt`, hapo ndipo mahali pake.

Ningeandika hivi:

```
hand entering from left of frame, back of hand toward camera,
tiny round porcelain bowl-shaped cup,
index and middle fingers across front of cup below the rim,
nails visible, tips pointing right,
thumb behind cup, only its tip above the rim,
ring and little fingers folded under the base
```

Kwenye kukataa: `handle, mug, saucer`. Basi.

BabaShani

Mkuu Pikseli, lakini nikiondoa yale ya kukataa vidole vya ziada, mikono yangu inaharibika. Nimeona kwa macho yangu, siyo nadharia.

Pikseli_Mzee

Sikatai, BabaShani. Yale maneno yanasaidia vidole visishikane na ngozi isiwe kama nta. Ni kazi ya usafi. Lakini hayana habari yoyote kuhusu picha ya mjomba. Kwenye matangazo yako ya harusi huna rejea ya kufuata, unataka mkono wowote ulio mzima, na hapo inatosha. Bi Mchoraji anataka mkono mmoja maalumu. Halafu tahadhari: ukihamia modeli nyingine ya Flux dev, kwa mipangilio yake ya kawaida kisanduku cha kukataa hakifanyi kazi kabisa, kwa hiyo usikizoee sana.

Muscat_Mzanzibari

Nipo Muscat, nimezaliwa Unguja, nimeona neno finjani nikasimama. Dada, hakikisha ni mkono wa kulia. Huku na huko kwetu mtu hapokei kahawa kwa kushoto, na mzee yeyote atakayeiona picha hiyo ukutani atalitazama hilo kwanza, kabla hajaangalia vidole. Kwa hiyo aliyosema Pikseli kuhusu gumba lililokuja mbele si jambo dogo la kiufundi. Ile picha ilikuwa inamnywesha mzee wa watu kwa mkono wa kushoto.

Jambo la pili ni ujazo. Kahawa hutiwa kidogo, haijazwi mpaka ukingoni, na ndiyo maana vidole vinaweza kukaa karibu na ukingo bila kuungua. Modeli ikikujazia finjani pomoni, ule mshiko wa juu unakuwa hauna maana, mtu angeungua. Na mgeni akitosheka huitikisa finjani kidogo anapoirudisha. Hapo mshiko ni ule ule lakini kifundo cha mkono kimelegea. Sijui kama mashine inaweza kuonyesha hilo.

Bi_Mchoraji

Shukrani sana, hilo la ujazo sikulifikiria. Nimejaribu maelezo ya Pikseli. Kishikio kimeondoka kabisa. Gumba limerudi nyuma katika picha nyingi, si zote. Lakini vidole viwili vya mbele bado vinabadilika, mara viko katikati ya finjani, mara vimeachana, mara kimoja kimenyooka kama kinaonyesha njia. Na kwenye picha nzima ya mzee, mkono ukiwa mdogo, unavurugika tena.

Pikseli_Mzee

Sasa umefika mahali ambapo maneno peke yake yanaishia. Kuna mambo mawili hapa, yatenganishe.

La kwanza ni ukubwa. SDXL haichori pikseli moja moja. Inafanya kazi kwenye picha iliyobanwa, ambapo kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 ni chumba kimoja. Tuseme kwenye picha yako ya 1024 mkono una upana wa pikseli 120. Hivyo ni vyumba 15 tu kwa mkono mzima, na kidole kimoja kinapata kama vitatu. Ndani ya vyumba vitatu iweke ukingo wa kidole, kivuli chake, kucha, na nafasi kati yake na jirani yake. Haiwezekani, hata ungeandika maelezo ya kurasa mbili. Kwa hiyo mkono unachorwa upya peke yake ukiwa mkubwa. Kwenye kichupo cha `Inpaint` paka maski juu ya mkono na finjani yote, chagua `Only masked`, weka 1024 kwa 1024. Programu inakikata kipande hicho, inakikuza, inakichora, inakirudisha mahali pake. Mkono ukijaza pikseli 700 hivi, kidole kinapata vyumba zaidi ya 15, na hapo maelezo yako yana pa kukaa.

Hiyo `Only masked padding` iongeze kutoka 32 mpaka 80 au 100, ili modeli ione pia sehemu ya mkono wa kanzu na kifua. Isipoona mkono unatokea wapi, itageuza kifundo.

Na wakati huo maelezo yawe ya mkono tu. Baraza, kofia na mwanga wa asubuhi yaondoe. Kisoma maandishi cha SDXL kinapokea vipande 77 vya maneno kwa mkupuo, viwili vikiwa vya kufungua na kufunga. Ukianza na kofia, vidole vinaangukia mkiani.

La pili ni mahali. Neno "chini kidogo ya ukingo" kwa modeli ni eneo pana. Picha ya mjomba inajua mahali hasa. Kwa hiyo iruhusu picha iseme. Kata mkono wa mjomba pamoja na finjani kutoka kwenye rejea, ubandike juu ya picha yako kwa GIMP au Krita, ukubwa na pembe viendane. Usihangaike na rangi wala kingo. Kisha uingize kwenye `Inpaint`, `Denoising strength` iwe 0.4 hadi 0.5. Kwa kiasi hicho modeli inabadili ngozi, mwanga na mtindo wa uchoraji, lakini mshiko unabaki. Ukienda kwenye 0.75, ambayo ndiyo inayokuja yenyewe, unairuhusu iufikirie mshiko upya.

Kaka_Taarabu

Wakuu nimefuatilia uzi huu kwa hamu kwa sababu yangu ni kubwa zaidi ya finjani. Napiga udi. Nimetaka bango la kikundi chetu, mpiga udi akiwa amekaa. Kila picha inampa mzee wetu mkono wa mpiga gitaa: kidude kidogo cha pembetatu kati ya gumba na kidole cha shahada. Risha ya udi ni ndefu. Inapita ndani ya ngumi, mkia wake umelala kiganjani, ncha tu ndiyo inatokeza kati ya gumba na shahada, na kifundo cha mkono kimekunjwa kuelekea chini. Mkono wa kulia umelala juu ya mwili wa udi, haukuning'inia. Na mkono wa kushoto modeli inauwekea pau za chuma shingoni kama gitaa, wakati udi hauna pau hata moja, shingo ni laini.

Nimejaribu kueleza risha kwa maneno yote niliyo nayo. Wapi.

Pikseli_Mzee

Kaka, wewe una shida mbili ndani ya moja. Pau za shingoni ni shida ya chombo, mkono haujaingia bado. Chombo kikiwa si chenyewe, vidole navyo vinafuata chombo kisicho chenyewe: modeli inaona pau, inaweka vidole nyuma ya pau kama gitaa. Rekebisha udi kwanza, kwa kubandika udi wa kweli, ndipo ushike mkono wa kushoto.

Kwa mkono wa kulia, usimwambie ni risha ya udi. Hilo neno linaivuta kwenye gitaa. Mwambie ni ukanda mwembamba mrefu uliopita ndani ya ngumi iliyolegea, na ueleze ngumi kwanza, ukanda baadaye. Hata hivyo sikuahidi. Kitu chembamba kilichofichwa karibu chote na vidole ni kigumu mno.

Mwl_Hesabu

Naongezea hapo. Kuna njia ya tatu zaidi ya maneno na kubandika, nayo ni ControlNet. Unaipa rejea, inatoa ramani, modeli inafuata ramani. Watu wengi hukimbilia ile ya mifupa, `openpose`, ambayo kwa kila mkono ina nukta 21: moja kwenye kifundo cha mkono na nne kwa kila kidole. Kwa mkono uliokunjuliwa hewani ni nzuri. Kwa mkono ulioshika kitu ina upofu mmoja mkubwa: nukta zimelala bapa, hazisemi kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Gumba la mjomba lililo nyuma ya finjani na gumba lililo mbele yake zinaweza kutoa nukta zilezile. Isitoshe, kile kidole kilichofichwa programu inakibahatisha.

Tumia ramani ya kina, `depth`. Humo kilicho karibu na kamera ni cheupe, kilicho mbali ni cheusi, kwa hiyo vidole viwili vya mbele vitatoka vyeupe kuliko finjani, na ncha ya gumba itakuwa na kijivu zaidi. Hapo hakuna nafasi ya kugeuza mkono. Weka `Control Weight` kama 0.8 na uiachie kwenye `Ending Control Step` ya 0.7, ili hatua za mwisho modeli ijichoree ngozi yenyewe. Ukiibana mpaka mwisho, vidole vinatoka kama vya sanamu ya plasta.

Kaka_Taarabu

Mwalimu, na risha je? Kwenye ramani ya kina itaonekana?

Mwl_Hesabu

Mara nyingi haitaonekana. Ni nyembamba na imegusana na kidole, programu inaimeza ndani ya ngumi. Ngumi utaipata sawasawa, kifundo kilichokunjwa utakipata. Risha yenyewe ningeichora kwa brashi mstari mmoja, halafu nipitishe `Inpaint` kwa 0.3 juu ya mstari huo tu.

Kaka_Taarabu

Kuchora kwa mkono ndiyo nilichokuwa nakikimbia. Ila nitajaribu. Bado naamini mtu angeweza kuieleza kwa maneno kama angeyapata.

Neema_Makava

Sasa nimeelewa mnazungumza nini na kumbe linanihusu. Nauza makava ya simu na nimeanza kutengeneza picha za tangazo kwa apu ya kwenye simu, siyo hizo programu zenu za kompyuta. Apu yangu napandisha picha ya rejea na kuandika nitakacho, haina maski wala ramani. Mkono ulioshika simu unatoka na ncha za vidole zilizoota pembeni ya simu bila kuwa na mkono nyuma. Nieleze vipi?

Pikseli_Mzee

Neema, hizo apu kwa kawaida zinaelewa sentensi kamili kuliko SDXL, kwa hiyo nafasi yako ya maneno ni kubwa. Lakini kanuni ni ileile: eleza unachokiona.

Kwanza amua tunaona kioo au mgongo wa simu, maana ni mishiko miwili tofauti kabisa machoni pa kamera. Kava linaonekana kwa nyuma, kwa hiyo vidole vyako vimelala juu ya kava lenyewe na vinalifunika kiasi. Useme vimelifunika wapi: vidole vitatu vimelala mlalo katikati ya mgongo wa simu, cha mwisho kiko chini ya ukingo wa chini kimeibeba, gumba liko upande wa pili, halionekani ila kipande kwenye ukingo. Na sema kiganja kiko wapi, kimegusa ukingo upi. Zile ncha zilizoota zinatokea mtu anapotaja ncha za vidole pekee bila kusema zinatoka wapi. Kila ncha unayoitaja, itajie na njia yake hadi kwenye kiganja.

Jingine, kama rejea ni picha uliyojipiga kwa kamera ya mbele, angalia kama simu imeigeuza kama kioo. Baadhi ya simu huihifadhi ikiwa imegeuzwa. Tazama maandishi yoyote kwenye picha, ya fulana au ya kava. Yakisomeka kinyume, mkono wa kulia kwenye picha unaonekana wa kushoto, nawe ukiandika "kulia" unapingana na rejea yako mwenyewe. Igeuze kwanza.

Neema_Makava

Maandishi ya kava yamesomeka kinyume kweli! Nimeigeuza. Nimeandika hivyo ulivyosema, kwa Kiswahili kabisa, na apu imeelewa. Kidole cha mwisho kimekaa chini ya simu. Tatizo lililobaki ni kwamba sasa vidole vinaficha maua ya kava ambayo ndiyo ninayouza.

BabaShani

Hapo si suala la maelezo tena, hapo unahitaji mshiko mwingine. Shikia simu kingo mbili, gumba upande mmoja na vidole upande mwingine, piga rejea mpya. Hakuna maneno yatakayofanya vidole visifunike kitu vilichokilalia.

Pikseli_Mzee

BabaShani kasema kweli tupu.

Bi_Mchoraji

Narudi na majibu. Nilibandika mkono wa mjomba, nikapaka maski, `Only masked`, padding 96, `Denoising strength` 0.45, na maelezo ya Pikseli bila kubadilisha neno. Mshiko umetoka. Gumba liko nyuma, ncha yake inachungulia juu ya ukingo, vidole viwili viko pale pale vilipo kwenye rejea. Nilipunguza na kahawa ndani ya finjani kama alivyosema ndugu wa Muscat.

Lakini kuna kitu bado. Ukitazama kwa haraka ni sawa. Ukitulia, vidole ni kama vinaelea mbele ya finjani, havijaigusa. Sijui nielezeje.

Pikseli_Mzee

Kagua mambo matatu. Kwanza weka picha yako juu ya rejea kwenye Krita, ipunguzie uzito hadi asilimia 50, uone kama vifundo vya vidole vinakaa juu ya vifundo. Vikipishana kidogo si neno.

Pili, fuata kila kidole kutoka kwenye kucha kurudi nyuma hadi kiganjani bila kuinua jicho. Kikikatika njiani au kikiingia kwenye jirani yake, hapo ndipo pa kurekebisha.

Tatu, na nadhani ndilo lako, tazama mpaka kati ya kidole na finjani. Pale kidole kinapogusa kweli pana ufito mwembamba wa kivuli, mweusi kuliko vivuli vingine, na nyama ya ncha ya kidole imebonyea kidogo na kuwa bapa. Ulipobandika, kivuli cha asili cha mjomba kilipotea kwenye kingo ulizokata. Modeli kwa 0.45 haikuona sababu ya kukirudisha. Chora ufito huo kwa brashi laini ya kahawia iliyokoza, chini ya vidole viwili tu, si kuzunguka mkono mzima. Kisha maski ndogo juu ya hapo, 0.35, na kwenye maelezo uongeze hili:

```
fingertips pressed against the porcelain, thin contact shadow under each finger
```

Mwl_Hesabu

Mimi ningeurudia mkono wote kwa `depth` badala ya kuchora kivuli. Modeli ikichora mkono na finjani kwa pamoja tangu mwanzo, kivuli kinakuja chenyewe na mwanga unalingana. Kubandika siku zote kunaacha mshono mahali fulani.

Pikseli_Mzee

Kwa kazi mpya nakubali, Mwalimu. Kwa hii ambayo mshiko umeshakaa, kuanza upya ni kurudi kwenye bahati. Na kadi ya 8 GB, SDXL pamoja na ControlNet itakwenda polepole sana.

Mwl_Hesabu

Inakwenda ukiwasha `--medvram`. Polepole, ndiyo, lakini inakwenda. Hapa hatutakubaliana.

Muscat_Mzanzibari

Dada, swali moja. Mjomba alikuwa amevaa pete? Wazee wetu wengi huvaa pete ya fedha yenye jiwe kwenye mkono wa kulia. Kwa picha hiyo ingependeza.

Bi_Mchoraji

Hakuvaa, ila mwenye mgahawa ameuliza jambo hilohilo. Pikseli, kidole cha pete kwenye mshiko huu kimekunjwa chini ya kitako cha finjani. Nikitaja pete, naogopa modeli itakikunjua kidole ili iionyeshe.

Pikseli_Mzee

Itakikunjua, usiwe na shaka. Kitu kinachotajwa inataka kionekane. Iweke kwenye kidole cha mwisho kama ile pingili unayoiona ndiyo ya karibu na kiganja, lakini maski iguse pingili hiyo peke yake na `Denoising strength` isizidi 0.5. Kama pingili inayoonekana ni ya katikati, pete haitakaa hapo, na bora mzee abaki bila pete.

Bi_Mchoraji

Nimeikuza rejea. Ni ya katikati. Basi nitamwambia mteja. Naendelea na kile kivuli, nikimaliza nitarusha hapa picha zote mbili, ya mjomba na ya ukutani, mzikague.